Fomu iliyojazwa hubapazwaje hadi majibu yake yasibadilike

Kazi yangu hapa Mombasa ni kuandaa nyaraka za mawakala wa forodha, na sehemu kubwa ya nyaraka hizo ni fomu za PDF ambazo mteja huzijaza kisha zikapita mikononi mwa watu wanne au watano kabla kontena halijatoka bandarini. Mwaka jana fomu moja ilirudi kwetu ikiwa na uzito wa kilo 21,500 mahali ambapo mteja aliandika 24,500. Hakuna aliyeghushi chochote: mtu mmoja njiani aliifungua faili katika simu, akagusa kisanduku pasipo kukusudia, na programu ikahifadhi alichokigusa. Tangu hapo hakuna fomu inayotoka mezani kwangu kabla sijaibapaza, yaani kuyahamisha majibu kutoka kwenye visanduku na kuyafanya kuwa maandishi ya ukurasa wenyewe.

Ili kuelewa kinachofanyika, ni vyema kujua kwamba kisanduku cha fomu hubeba vitu viwili vilivyo mbalimbali. Kuna thamani, ambayo ni jibu lenyewe, na kuna mchoro, ambao ni sura ya jibu hilo kama litakavyoonekana kwenye ukurasa. Kubapaza ni kuuchukua mchoro, kuuchora ndani ya ukurasa, kisha kukiondoa kisanduku pamoja na thamani yake. Kwa hiyo kisichokuwa na mchoro hakina cha kuhamishwa, na karibu matatizo yote niliyokutana nayo yameanzia hapo.

Mimi hutumia qpdf, programu isiyolipiwa. Siku moja fomu ya kupeleka mzigo Ng’ombeni, ng’ambo ya Likoni, iligoma kubapazwa, na programu ikatoa onyo hili:

```
document does not have updated appearance streams, so form fields will not be flattened
```

Maana yake ni kwamba programu aliyoitumia mteja iliandika thamani tu, ikaacha alama inayoiambia programu itakayofuata ijichoree sura yenyewe. Mteja aliyaona majibu yake kwa sababu kila anapoifungua faili huchorwa upya mbele ya macho yake. Dawa yake ni kuagiza michoro itengenezwe kwanza:

```
qpdf --generate-appearances --flatten-annotations=all fomu.pdf tayari.pdf
```

Safari hii visanduku viliondoka, lakini nilipoisoma faili mpya nilikuta “Ng?ombeni”. Simu ya mteja ilikuwa imeweka ritifaa iliyopinda badala ya ile iliyonyooka, na qpdf, isipotambua kwamba fonti ya kisanduku ina usimbaji unaokubali herufi hiyo, huweka alama ya kuuliza mahali pake. Sisi wenye ng’ kila mahali yafaa tulijue hilo mapema. Tena, qpdf haizingatii visanduku vya mistari mingi, hivyo anwani iliyojazwa kwa mistari mitatu haitachorwa jinsi ilivyokuwa. Fomu ya namna hiyo huifungua katika programu kamili ya kujazia fomu kwenye kompyuta, nikagusa na kuhifadhi upya visanduku husika ili ichore yenyewe, halafu ndipo nikaibapaza.

Maoni yanayoongezwa juu ya ukurasa wa PDF yanafuata kanuni iyo hiyo. Mstari wa rangi uliopigwa juu ya neno una mchoro, kwa hiyo utabaki. Lakini lile dokezo la kikaratasi, ambalo maneno yake hujitokeza ukiligusa, mchoro wake ni ile aikoni ndogo tu; ukibapaza, aikoni husalia ukurasani na maneno hupotea. Mhasibu wetu alipoteza hivyo maelezo ya ankara nzima, na tangu siku hiyo madokezo huyanakili kwanza katika kisanduku cha maandishi kinachoonekana. Ukiandika `print` badala ya `all`, yatabapazwa yale tu yaliyowekewa ruhusa ya kuchapwa, na mengine yataondolewa.

Kuhakiki ni rahisi. Nikiwa na pdftk, programu nyingine ya kushughulikia PDF, huandika:

```
pdftk tayari.pdf dump_data_fields
```

Isipotaja kisanduku chochote, fomu imekwisha kubapazwa. Kisha huisoma faili yote kwa macho, maana amri hiyo haiwezi kukuonyesha alama ya kuuliza iliyojipenyeza katikati ya jina.

Hata hivyo faili iliyobapazwa haijafungwa kwa kufuli. Mwenye programu ya kuhariri PDF bado anaweza kuyabadilisha maandishi ya ukurasa. Tulichokizuia ni kubadilisha kwa kugusa tu. Anayetaka badiliko lolote ligundulike anahitaji saini ya kidijitali, na hapo mpangilio ni lazima: bapaza kwanza, kisha faili itiwe saini. Ukibapaza faili iliyokwisha kutiwa saini, picha ya saini itabaki ikionekana palepale ilhali uthibitisho wake umekufa, na mpokeaji atakayeikagua hatakuta saini yoyote ndani yake.