Kutoka daftari hadi barua: siku moja ya fundi cherehani

Kijana mmoja aliniletea ukurasa wa daftari. Ni fundi cherehani, na amepata rafiki wa kalamu ng'ambo, mtu mzima anayejifunza Kiswahili, ambaye katika barua yake ya kwanza aliomba jambo moja tu: "Niambie siku yako inavyokwenda." Kazi yangu ni kuhariri na kufundisha uandishi, na barua za namna hii nimezipitia nyingi. Hii naieleza kwa urefu kwa sababu ugonjwa wake nakutana nao karibu kila mara, na dawa yake imo ndani ya sarufi yetu wenyewe.

Daftarini aliandika hivi:

"Kuamka 11. Kuoga. Kumwamsha mdogo, shule. Basi, kusimama. Kazini 2. Sare ya mlinzi, uzi kukatika mara 3, mwenyewe kakaa pale pale. Kufunga 12. Hesabu za mdogo. Redio. Kulala 4."

Habari ya uzi aliikata kwa mstari. Alisema haina maana, ni mambo ya kazi tu. Halafu yaliyobaki akayageuza kuwa rasimu: "Kila siku ninaamka saa kumi na moja. Kisha ninaoga. Kisha ninamwamsha mdogo wangu. Kisha ninapanda basi." Ikaendelea hivyo hivyo hadi kulala.

Wengi wakiona hivyo hukimbilia kuondoa "kisha" na kuweka "halafu" au "baada ya hapo". Haisaidii kitu. Kinachochosha ni kwamba kila tendo lina uzito uleule, na yote yamebebwa na -na-. "Ninapanda basi" inaweza kuwa ni sasa hivi, inaweza kuwa ni kila siku. Msomaji hapewi mazoea, wala hapewi tukio. Anapewa ratiba.

Kiswahili kina chombo maalumu cha mazoea, nacho ni hu-. "Mimi huamka alfajiri" ni jambo la siku zote, na halihitaji "kila siku" mbele yake. Ila hu- haibebi nafsi. "Huamka" peke yake yaweza kuwa mimi, wewe, yeye au wao, kwa hiyo mara ya kwanza taja mtendaji, kisha endelea bila kumtaja mpaka abadilike. Pia angalia herufi ya mwisho, hasa kwa barua inayokwenda kwa mtu anayejifunza lugha: "huamka mapema" ni mazoea, lakini "huamki mapema" ni kumwambia yeye kwamba haamki mapema. Herufi moja imegeuza barua kuwa shutuma. Na ukitaka kukanusha mazoea yako mwenyewe, unaiacha hu- kabisa na kusema "siamki".

Nikamwomba afanye mambo mawili. Kwanza, mazoea yote ya siku yaingie katika sentensi tatu au nne za hu-, basi. Kuoga, basi na redio vyote vinaweza kuondoka, kwa maana rafiki yule naye huoga. Pili, achague siku moja yenye tarehe na kuisimulia kwa -li- na -ka-. Hapo ndipo nilipomrudisha kwenye ule mstari alioukata. Nilimuuliza: uzi ulikatika kwa nini? Akaeleza kwa dakika kumi bila kusita, mikono ikicheza hewani kana kwamba cherehani iko mbele yake. Barua ilikuwa pale.

Mpangilio wa -li- na -ka- ni rahisi ukiusikiliza. -li- hufungua mlango: "nilikuwa nikishona". -ka- huingiza matukio moja baada ya jingine: "ukakatika, nikautunga, nikakanyaga". Kila -ka- tayari ina "kisha" ndani yake, ndiyo maana "kisha" zote zilianguka zenyewe bila mimi kuzigusa. Ukitaka msomaji asimame kidogo, rudi kwenye -li-, kama utakavyoona pale mlinzi anapotazama saa.

Yalibaki mambo matatu ambayo mtu wa nyumbani hayaoni lakini wa mbali hujikwaa. La kwanza ni saa. Mgeni akisoma "saa kumi na moja" atafikiri ni ile 11:00 ya kwenye simu yake, kumbe simu yake ingeonyesha 5:00. Hata kama amefundishwa hesabu yetu ya saa, husahau. Usimwekee mabano ya maelezo. Mpe mwanga: "alfajiri, nje bado giza". La pili ni "mdogo wangu". Lugha yetu haitofautishi mwanamke na mwanamume katika vitenzi, hivyo barua nzima ingeweza kwisha bila rafiki kujua kama ni kaka au dada. Neno "wa kike", likitajwa mara moja, linatosha. La tatu ni "jana" na "juzi". Barua ikikaa njiani wiki tatu, jana yako haipo tena. Tarehe hukaa mahali pake.

Baada ya rasimu tatu, barua ilitoka hivi:

"Rafiki yangu,

Umeuliza siku yangu inavyokwenda. Mimi huamka saa kumi na moja alfajiri, nje bado giza. Humwamsha mdogo wangu wa kike, ana miaka 9, naye hunijibu huku kajifunika shuka hadi kichwani. Tukishatoka, yeye hushika njia ya shule na mimi ya kwenye cherehani, nikae hapo mpaka jua linazama. Siku nyingi hufanana. Acha nikusimulie moja.

Jumanne ya tarehe 4 nilikuwa nikishona sare ya mlinzi. Mwenyewe alikuwa ameketi mbele yangu, anaingia zamu jioni ile ile. Uzi ukakatika. Nikautunga tena, nikakanyaga, ukakatika. Nikaulegeza, nikakanyaga polepole, ukakatika vile vile. Mlinzi hakusema neno. Alitazama saa yake tu. Ndipo nikaichomoa sindano na kuipitisha juu ya ukucha wangu, ikakwaruza. Ncha ilikuwa imeharibika, haionekani kwa macho, na kila ikishuka ilikuwa ikiukata uzi. Nikaweka mpya. Sare ikaisha, akaivaa pale pale, akaondoka mbio.

Usiku nilimsimulia mdogo wangu. Hakutaka kusikia habari za mlinzi. Alitaka aione hiyo sindano."

Rasimu ya kwanza ilikuwa imefungwa kwa maswali sita: unapenda nini, una ndugu wangapi, hali ya hewa ikoje, na mengine ya aina hiyo. Maswali sita hujibiwa kwa maneno sita. Nilimwambia abakize moja litokalo ndani ya kisa chenyewe, ambalo rafiki hawezi kulijibu bila naye kusimulia siku yake. Alikaa nalo kimya kwa muda, akafuta mara mbili, kisha akaandika: "Na wewe, chombo chako cha kazi kikigoma huku mtu anakusubiri, huangalia nini kwanza?"