Mashua ya mwisho haipunjwi: dhana potofu kuhusu kuchagua moja katika msururu usiojulikana urefu

Wakusanyaji data wanaopima samaki katika bichi za Kisumu hunipa pingamizi lile lile kila tunapofika kwenye somo la kuchagua mashua moja. Wanasema: "Mashua ya kwanza inachukuliwa moja kwa moja, ya ishirini inapewa nafasi moja kwa ishirini. Hapo haki iko wapi?" Nimelijibu swali hili mara nyingi kwa mdomo, na bado nakuta fomu ambazo mtu ameamua kuirekebisha kanuni kwa busara yake mwenyewe na kuiharibu kabisa. Kwa hiyo nitalijibu kwa maandishi, na kwa urefu.

Kazi yenyewe ni hii. Mashua za omena huvua usiku kwa taa na kurudi Dunga asubuhi. Hakuna anayejua zitarudi ngapi, kwa sababu idadi hutegemea upepo na mbalamwezi. Tunataka mashua moja tu ipimwe shehena yake, na kila mashua iliyorudi iwe na uwezekano sawa wa kuwa hiyo moja. Hatuwezi kungoja zote zifike ndipo tupige kura, maana wachuuzi hununua omena mara tu mashua inapogusa nchi kavu, na shehena iliyokwisha kugawanywa haipimiki tena.

Kanuni tunayoitumia ni fupi. Mashua ya kwanza ikifika, ipime na uandike uzito wake. Ya pili ikifika, ichague kwa uwezekano wa 1/2, ya tatu kwa 1/3, ya nne kwa 1/4, na kwa jumla mashua ya i kwa 1/i. Ikichaguliwa, ipime na uiweke mahali pa ile iliyokuwapo. Isipochaguliwa, iache ipite. Jibu ni ile inayobaki baada ya mashua ya mwisho. Ufukweni hatuhitaji kompyuta: kila mashua inapofika, ongeza kizibo cha soda chenye namba yake mfukoni, tikisa, chomoa kimoja bila kutazama, kisha ukirudishe. Ukichomoa kizibo cha mashua iliyofika sasa hivi, umeichagua. Kanuni hii si ya juzi. Donald Knuth aliihusisha na Alan Waterman, na Jeffrey Vitter aliichambua kwa kina katika makala ya mwaka 1985.

Dhana: mashua ya kwanza inapendelewa na ya mwisho inapunjwa

Anayesema hivi amechanganya mambo mawili: kuchaguliwa na kubaki. Namba 1/i ni uwezekano wa kuingia mahali pa chaguo wakati wa kufika. Haisemi lolote kuhusu kuendelea kukaa hapo. Mashua ya kwanza huingia kwa hakika, lakini inalazimika kunusurika mbele ya kila mashua inayofuata. Ya mwisho huingia kwa shida, lakini ikiingia hakuna wa kuiondoa.

Tuchukue asubuhi ambayo mashua 5 zimerudi. Ili ya tatu iwe jibu, lazima ichaguliwe inapofika, kisha ya nne isichaguliwe, kisha ya tano isichaguliwe. Uwezekano wa hayo yote kutokea ni

1/3 × 3/4 × 4/5 = 1/5.

Tazama jinsi 3 ya chini inavyofutana na 3 ya juu, na 4 na 4. Kwa mashua ya kwanza hesabu ni 1 × 1/2 × 2/3 × 3/4 × 4/5, na kila kitu hufutana vivyo hivyo hadi kubaki 1/5. Kwa ya tano hakuna cha kuzidisha: ni 1/5 tangu mwanzo. Namwomba kila anayetilia shaka aandike mwenyewe hesabu ya mashua ya pili na ya nne kwa kalamu, kwa sababu shaka hii haiondoki kwa kusikiliza tu.

Uthibitisho wa jumla ni mwepesi zaidi kuliko hesabu hizo. Tuseme baada ya mashua m kufika, kila moja kati yake ina uwezekano wa 1/m wa kuwa chaguo. Mashua ya m + 1 inafika na kuchaguliwa kwa uwezekano wa 1/(m + 1), kwa hiyo upande wake umekwisha. Kila moja ya zile za zamani inabaki kuwa chaguo ikiwa ilikuwa chaguo na mgeni hakuchaguliwa, yaani

1/m × m/(m + 1) = 1/(m + 1).

Zote sasa ziko sawa. Na kwa kuwa mashua ya kwanza ikiwa peke yake ina uwezekano wa 1, usawa huo upo mwanzoni na haupotei hatua yoyote. Zingatia pia kile ambacho uthibitisho haukukihitaji: hatukutaja mahali popote jumla ya mashua zitakazorudi. Usawa upo baada ya ya tano, baada ya ya sita, na baada ya ya arobaini, na ndiyo sababu tunaweza kuanza kazi bila kujua jumla hiyo. Kuna sharti moja tu hapa, nalo ni kwamba uamuzi wa kufunga kazi usitokane na chaguo lililopo mkononi. Anayefunga daftari kwa sababu mashua aliyonayo imeleta omena nyingi amevunja usawa huo, na hesabu haiwezi kumkinga.

Kinachonisikitisha zaidi ni marekebisho ambayo dhana hii huzaa. Mkusanyaji anaona 1/20 ni ndogo mno, basi anaamua kurusha sarafu kwa kila mashua inayofika baada ya ile ya kwanza ili "zote zipewe nafasi sawa". Matokeo yake ni kinyume cha alichokusudia. Kwa mashua 5, ya mwisho inapata 1/2. Ya nne inapata 1/4, kwa kuwa inapaswa kushinda sarafu yake kisha ya tano ishindwe. Ya tatu inapata 1/8, na mbili za kwanza zinapata 1/16 kila moja. Kukiwa na mashua 20, anayerusha sarafu karibu kila siku atapima mojawapo ya zile nne au tano za mwisho. Uwezekano wa kuchagua unapaswa kushuka kadiri msururu unavyorefuka, kwa sababu sehemu ya haki ya kila mmoja nayo inashuka.

Dhana: namba moja ya nasibu inatosha asubuhi nzima

Hii huletwa na wanaotumia simu badala ya vizibo. Mtu anachota namba moja kati ya 0 na 1 alfajiri, tuseme 0.28, kisha anailinganisha na 1/2, 1/3, 1/4 na kuendelea, akichagua mashua kila namba yake inapokuwa ndogo kuliko 1/i. Anajitetea kwamba kila mashua bado inachaguliwa kwa uwezekano wa 1/i, na hapo anasema kweli. Kosa liko kwenye kule kuzidisha. Tulizidisha 1/3 kwa 3/4 kwa 4/5 kwa sababu kura ya kila mashua ilikuwa huru na kura zilizotangulia. Kwa namba moja iliyorudiwa, uhuru huo haupo: 0.28 itachagua ya kwanza, ya pili na ya tatu, na baada ya hapo haitachagua nyingine hata zikija mia. Kwa mashua 5, uwezekano wa kuwa jibu unakuwa 1/2, 1/6, 1/12, 1/20 na 1/5 kwa mfuatano. Kwa hiyo chota namba mpya kwa kila mashua, na ukitumia vizibo, rudisha ulichochomoa na utikise tena.

Dhana: vipimo vya mashua zilizoondolewa ni data ya bure

Kwa asubuhi ya mashua 20, idadi ya vipimo vinavyotarajiwa ni 1 + 1/2 + 1/3 + … + 1/20, yaani karibu 3.6. Basi mtu huona ana uzito wa mashua tatu au nne daftarini, anauliza kwa nini tutumie mmoja tu, na anatafuta wastani wa zote. Asifanye hivyo. Mashua ya kwanza hupimwa kila siku, ya ishirini hupimwa mara moja katika siku ishirini, kwa hiyo wastani huo unazielemea mashua zinazowahi. Upendeleo ambao watu huulalamikia pasipo na sababu, hapa upo kweli. Mimi hupendelea vipimo vilivyoondolewa vikatwe kwa mstari mmoja wa kalamu, visomeke lakini visiingie kwenye ripoti.

Dhana: bichi mbili huunganishwa kwa kurusha sarafu

La. Ikiwa Dunga zilirudi mashua 20 na Usoma 5, sarafu inaipa kila mashua ya Dunga 1/40 na kila ya Usoma 1/10. Chukua chaguo la Dunga kwa uwezekano wa 20/25 na la Usoma kwa 5/25, na kila mashua itapata 1/25. Ndiyo maana idadi ya mashua lazima iandikwe hata kama chaguo ni moja tu.

Dhana: kanuni hii ni bora kila mahali

Kama orodha kamili iko mezani, ihesabu, chota namba moja, umalize. Kura ishirini mahali pa moja ni nafasi ishirini za kukosea.

Ofisini, ambako mtiririko ni mistari ya faili kubwa isiyoingia yote kwenye kumbukumbu ya kompyuta, kanuni ni ile ile:

```python
import random

chaguo = None
for i, mstari in enumerate(mtiririko, start=1):
    if random.randrange(i) == 0:
        chaguo = mstari
```

Usiiamini programu yoyote ya namna hii kwa kuisoma tu. Ipe vitu 5, iendeshe mara 60,000, uhesabu kila kimoja kimekuwa jibu mara ngapi. Kila kimoja kinapaswa kuwa karibu na 12,000, na tofauti inayozidi 300 hivi ni ya kutiliwa shaka. Makosa mengine hujitambulisha kwa hesabu hizo. Kitu cha tano kikikaribia 30,000, kuna mtu ameweka sarafu badala ya 1/i. Cha kwanza kikikaribia 30,000 na cha nne kikawa karibu 3,000, namba moja ya nasibu inarudiwa. Na kama vyote vitano viko karibu na 10,000 huku mara 10,000 nyingine programu ikimaliza bila jibu lolote, mwandishi wake ameandika `randrange(i + 1)` huku hesabu ikianzia 1, hivyo hata kitu cha kwanza kinaweza kukataliwa.