Wakala wa bima, ile advansi ya kila mwezi inakaa wapi ukikosa mauzo

Mawakala wapya wengi wanaokuja kwetu kuuliza kuhusu mikataba yao wanaanza na swali moja, kwamba mbona niliambiwa nitalipwa kila mwezi na sasa naandikiwa kwamba nadaiwa. Jibu linaanzia kwenye kitu ambacho siku ya semina ya kuajiri kinapitwa haraka sana, kwamba ile hela ya kila mwezi siyo mshahara, ni kamisheni yako ya kesho umepewa leo, na kama hiyo kesho haikuja basi kuna mahali imeandikwa kwamba umeshaichukua.

Mahali penyewe ni leja yako. Kila wakala wa kamisheni ana leja kwenye mfumo wa kampuni, upande mmoja zinaingia kamisheni za bima ulizouza, upande wa pili zinaingia advansi ulizochukua pamoja na kamisheni zilizorudishwa, na tofauti yake ndo salio lako. Salio likiwa hasi wewe ni mdaiwa, hata kama mwezi huo umeuza na akaunti yako ya benki imepokea hela kama kawaida, na hapo ndo watu wengi wanapotea maana wanaangalia meseji ya benki hawaangalii leja.

Tuchukue mfano tuupige hesabu wote. Wakala ana advansi ya 50,000 kwa mwezi. Kila bima ya maisha anayouza inampa kamisheni ya mwaka wa kwanza ya 10,000, na kampuni inaiingiza yote kwenye leja mteja akilipa premiamu ya kwanza, ingawa mteja mwenyewe analipa kidogo kidogo kila mwezi. Kwa hiyo kwa haraka haraka anahitaji bima 5 kwa mwezi ili asidaiwe.

Mwezi wa kwanza zinaingia 3. Na hii ni kawaida kabisa siyo uvivu, maana fomu iliyojazwa tarehe 25 inaenda kukaguliwa, mteja mwingine anatakiwa kupima afya, mwingine benki yake haijaruhusu makato, na leja haihesabu fomu, inahesabu premiamu iliyofika. Amechukua 50,000, ameingiza 30,000, salio ni hasi 20,000. Mwezi wa pili anaingiza bima 4, salio linakuwa hasi 30,000. Mwezi wa tatu anakaza kweli kweli anaingiza bima 7, yaani 70,000, anasubiri mwisho wa mwezi kwa hamu, na inaingia 50,000 ile ile. Ile 20,000 ya juu imeenda kupunguza deni, sasa ni hasi 10,000. Huu mwezi wa tatu naona ndo unaovunja moyo watu kuliko hata mwezi wa kukosa, kwa sababu mtu amefanya kazi yake bora kuliko miezi yote na malipo hayajasogea hata kidogo, na hakuna aliyekaa naye kumuonyesha kwamba hela haijapotea, imepunguza deni la miezi miwili ya nyuma.

Mwezi wa nne anauza 2 tu, na mwezi huo huo wateja wawili wa mwezi wa kwanza wanaacha kulipa. Walikuwa wamelipa premiamu 3, ya 4 haikuja, bima zikalapsi. Kamisheni ya 10,000 ilikuwa ya miezi 12, wamelipa miezi 3, kwa hiyo aliyoistahili wakala kwa kila bima ni 2,500 na iliyobaki 7,500 inarudi kwa kampuni. Bima mbili ni 15,000. Hebu tuunganishe, alikuwa hasi 10,000, akachukua advansi 50,000, akaingiza 20,000, zikarudi 15,000, salio ni hasi 55,000. Mwezi wa tano anauza 4, salio hasi 65,000, anachoka anaandika barua ya kuacha kazi.

Ukitazama jumla yake, huyu mtu ameuza bima 20 ndani ya miezi 5, siyo mtu wa kukaa tu, amechukua 250,000 na kamisheni halali iliyobaki kwenye leja ni 185,000. Anadaiwa 65,000. Na hapo hesabu haijafungwa, jambo ambalo karibu kila anayeondoka halijui: bima 18 zilizobaki hai bado hazijamaliza mwaka na kamisheni yake yote alishaingiziwa, kwa hiyo bima 3 zikilapsi baada ya yeye kuondoka, kila moja ikiwa imelipiwa nusu mwaka, zinarudi 5,000 mara 3 na deni linapanda mpaka 80,000 wakati mwenyewe hayupo hata ofisini kumpigia mteja simu kumkumbusha. Wengi wanaandikiwa barua ya deni miezi kadhaa baadaye na kiasi hakifanani na kile walichoambiwa siku wanaondoka, wanadhani wameibiwa. Wakati mwingine kweli kuna kosa, lakini mara nyingi ni hizi bima zilizokufa nyuma yao.

Kutokana na hilo utaona pia kwamba ile bima 5 kwa mwezi ilikuwa hesabu ya uongo. Kama katika kila bima 5 moja inakufa baada ya miezi 3, zile 5 zinakuachia 42,500 siyo 50,000, ina maana lengo la kweli ni kama bima 6 kwa mwezi. Supavaiza akikupa targeti muulize imehesabiwa kwa bima zilizouzwa au zinazobaki hai, na kwenye timu yake bima zinazofika mwaka ni ngapi katika kila 10. Asipokuwa na jibu, hesabu hiyo itabidi uifanye mwenyewe kwa wateja wako.

Sasa siyo kila advansi iko hivi. Iko aina nyingine ambayo haidaiwi nyuma, kampuni inasema mwezi wowote hutashuka chini ya 50,000, kamisheni ikipungua wao wanaongezea, ikizidi unachukua yote, na mwezi unaofuata leja inaanza sifuri. Wakala wetu yule yule na mauzo yale yale, tukiweka pembeni zile mbili zilizolapsi, angepata 50,000 miezi minne na 70,000 mwezi wa tatu, jumla 270,000 na hana deni. Tofauti ni kubwa kiasi hicho na kwenye tangazo la kazi zote mbili zinaweza kuandikwa kwa maneno yale yale ya malipo ya uhakika kila mwezi. Hii ya pili kampuni huwa zinaitoa kwa muda mfupi tu, miezi michache ya mwanzo, halafu unahamishiwa ile ya kudaiwa, kwa hiyo tafuta kwenye mkataba tarehe ya kuhama.

Kwenye mkataba huo huo kuna mistari michache ya kusoma polepole kuliko mingine. Wa kwanza ni ule unaosema deni linalipwa na nini. Kama umeandikwa kwamba advansi zitakatwa kwenye kamisheni zijazo na ukaishia hapo, una hoja ya nguvu kwamba kamisheni zikiisha na madai yameisha, wewe siyo mkopaji. Kama umeandikwa kwamba mkataba ukikoma kwa sababu yoyote wakala atalipa salio lote ndani ya siku kadhaa, hapo umeahidi kwa mfuko wako, na wanaweza kukudai kama mdaiwa mwingine yeyote, riba ikiwemo kama imetajwa. Sheria za nchi na nchi zinatofautiana, pia inategemea kama wewe ni mwajiriwa au wakala wa kujitegemea, ila popote pale maneno yaliyosainiwa ndo yanayosomwa kwanza.

Mwingine ni wa kamisheni za mwaka wa pili na kuendelea. Ukiondoka, bado ni zako au zinabaki kwa kampuni? Zikiwa zako zinaweza kulipa deni taratibu bila wewe kutoa hela. Zikiwa zinapotea ukiondoka, basi umepoteza kitu pekee ambacho kingekulipia, na deni linabaki lote. Halafu angalia nani mwingine anahusika, maana kwenye kampuni nyingine deni la wakala aliyeshindwa linahamia kwa supavaiza aliyemleta, ndo maana unaona supavaiza anapiga simu saa tatu usiku kuulizia mauzo, naye anaogopa.

Salio likiendelea kushuka kampuni haikai kimya. Kawaida advansi inapunguzwa kwanza, au inasimamishwa deni likifika kiwango walichoweka, halafu kamisheni zinazoingia zinakatwa nusu au zote. Wakati huu ndo watu wanafanya mambo ya ajabu. Mmoja anamlipia mteja premiamu ili bima isilapsi mwezi huu, anatumia hela yake kulinda kamisheni ambayo itarudi tu mwezi ujao mteja akiendelea kutolipa, na sehemu nyingi kumlipia mteja premiamu kwa njia hiyo kunakatazwa na kanuni, leseni inaweza kwenda. Mwingine anamshawishi mteja aache bima yake ya zamani achukue mpya, mteja anaanza upya vipindi vya kusubiri na pengine kwa bei ya umri mkubwa zaidi. Wewe kama ni mteja unasoma hapa, wakala akikuharakisha kusaini tarehe za mwisho wa mwezi, chukua siku mbili usome, bima nzuri haiharibiki kwa siku mbili.

Kama umeshaingia kwenye deni na unataka kutoka, omba kwa maandishi stetimenti kamili ya leja kabla hujasaini karatasi yoyote ya kukiri deni, na iwe inaonyesha namba ya kila bima, tarehe premiamu zilipoingia, kamisheni iliyoingizwa na iliyorudishwa. Omba na orodha ya bima ambazo bado hazijatimiza mwaka, ujue deni linaweza kufika wapi likipanda sana. Ukishakuwa na hizo ndo uongee habari ya awamu, kampuni nyingi zinakubali kwa sababu kesi ina gharama zake.

Stetimenti ikifika ipitie bima moja moja, anza na zilizorudishwa. Hapo tunakuta makosa ya aina mbili hasa. Moja ni hesabu ya miezi, mteja amelipa 5 lakini kamisheni imerudishwa kama amelipa 3 kwa sababu malipo yake yaliingia yakakaa bila namba ya bima. Nyingine ni bima iliyolapsi halafu mteja akalipa malimbikizo ikafufuliwa, kamisheni iliyorudishwa ilitakiwa irejee kwako, ila kwenye mifumo mingine hairejei mpaka mtu aombe. Risiti za mteja zinatosha kudai, na mteja huyo kwa kawaida bado ana namba yako ya simu.