Asilimia 72 iliyoficha usiku

Mwalimu mmoja anayetumia insulini ya mchanganyiko, asubuhi na jioni, aliniletea ripoti ya siku 14 ya kihisi cha sukari anachovaa mkononi. "Daktari, nimefaulu," akaniambia. Muda wa sukari kuwa kati ya millimoli 3.9 na 10 kwa lita ulikuwa asilimia 72, na lengo letu kwa watu wazima wengi ni kupita 70.

Mimi huanza kusoma upande wa chini. Chini ya 3.9 palikuwa na asilimia 5, nasi tunataka isifike 4. Asilimia 5 ya saa 24 ni saa moja na dakika 12 kila siku. Kisha nikatazama kuyumba kwa sukari: wastani 8.0, mtawanyiko 3.3. Ukigawanya mtawanyiko kwa wastani unapata asilimia 41, ilhali sukari iliyotulia haizidi 36. Maana yake wastani ule mzuri umetokana na kupanda sana na kushuka sana.

Inashuka lini? Kwenye mchoro wa saa 24, mstari wa kati saa 02:00, yaani saa nane usiku, ulikuwa 5.6, hauna tatizo. Lakini ukanda mzito unaouzunguka, unaobeba nusu ya vipimo vya saa hiyo, ulifika chini hadi 3.4. Mstari wa kati ni usiku wa kawaida tu. Hatari imo kwenye kingo. Ndipo nikafungua siku moja moja, nikakuta usiku wa siku tano sukari imeshuka.

Mmoja niliuondoa. Sukari ilianguka ghafla kutoka 6 hadi 3.1, ikakaa hapo, kisha ikarudi juu ghafla vilevile. Alikuwa ameulalia mkono wenye kihisi. Mgandamizo huzuia majimaji ya chini ya ngozi, na kihisi husoma hayo, si damu. Alipojipima kidoleni usiku ule alipata 5.9.

Nne zilizobaki zilishuka polepole, zote Jumanne na Alhamisi. Nikamuuliza siku hizo kuna nini.

"Mazoezi ya kwaya. Nachelewa, nakunywa chai na mkate, nalala."

Sindano lakini alidunga ileile ya siku ya ugali. Sehemu ya insulini ile inayofanya kazi polepole hupata nguvu saa kadhaa baadaye, katikati ya usiku. Alikuwa akiamka na jasho, anamaliza chupa nzima ya soda, asubuhi kidole kinasoma 12. Kwa kuiona hiyo 12 tu, alikuwa ameongezewa dozi ya jioni! Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Tulipunguza dozi ya jioni, na siku za kwaya akawa anakula chakula kamili kabla ya kwenda, baada ya sindano. Ripoti iliyofuata ilionyesha asilimia 73 ndani ya lengo, ambayo ni karibu ileile, lakini chini ya 3.9 palibaki asilimia 1, na kuyumba kulikuwa 34.