Badiliko Jipya la Jeni: Lini Huitwa Chanzo cha Ugonjwa?

Swali: Mimi, mama, kaka na mjomba wangu tuna ugonjwa wa misuli ya moyo kuwa minene. Sote tumekutwa na badiliko moja jipya katika jeni la MYBPC3. Mbona ripoti inasema maana yake haijathibitika?

Kila ushahidi hupewa alama, na alama zenu bado ni chache. Kwa mfumo wa alama uliojengwa juu ya mwongozo wa Marekani wa mwaka 2015, badiliko lenye alama 0 hadi 5 hubaki halijathibitika, lenye 6 hadi 9 huhesabiwa kuwa yaelekea ndilo chanzo, na lenye 10 au zaidi huitwa chanzo cha ugonjwa.

Kwanza huangaliwa wingi wake kati ya watu. Ugonjwa huu humpata takriban mtu 1 kati ya 500, kwa hiyo badiliko linalobebwa na mtu 1 kati ya 100 haliwezi kuwa chanzo chake peke yake. Lenu halimo katika gnomAD, hifadhidata ya mabadiliko ya jeni yaliyokutwa kwa watu wengi, jambo linalowapa alama 1 tu, kwa kuwa mabadiliko mengi yasiyo na madhara nayo ni adimu. Sisi Waafrika tuna sababu ya ziada ya kuwa waangalifu hapa: mwaka 2016 watafiti walionyesha kwamba baadhi ya Wamarekani weusi waliambiwa wana badiliko la hatari la ugonjwa huuhuu, kumbe ni la kawaida miongoni mwa watu weusi, ila hawakuwapo wa kutosha katika vikundi vya kulinganishia.

Ushahidi wa ukoo nao una mipaka. Wewe ndiwe uliyeanza kupimwa, hivyo huhesabiwi. Kwa kila mmoja wa wale watatu, nafasi ya kuwa nalo kwa bahati tu ni nusu. Nusu mara tatu ni 1 kati ya 8, nayo hutoa alama 1. Wangekuwa watano, ingekuwa 1 kati ya 32, na alama zingeongezeka.

Swali: Je, kipimo cha maabara kinaweza kuondoa shaka?

Kinaweza, iwapo kimejaribiwa kwanza kwa mabadiliko yanayojulikana kuwa na madhara na yasiyo na madhara, kikayatenganisha sawasawa. Tuseme kipimo cha namna hiyo kimeonyesha kwamba badiliko lenu linaharibu uunganishaji wa ujumbe wa jeni hata protini ikapungua: hizo ni alama 4, na jumla inakuwa 6.

Swali: Dada yangu hana dalili. Apimwe jeni hilo?

Alama zikiwa 2, hapana, kwani jibu la "hana" lingeweza kumfanya aache kliniki ya moyo bila sababu ya kweli. Aendelee kupimwa moyo kwa eko, yaani picha za mawimbi ya sauti. Zikifika 6, apimwe.