Pumzi zimekata, lakini mapafu hayana kosa

Kazi yangu ni fiziolojia ya mazoezi, na kwetu Lamu watu huniletea wachezaji wakiwa na maneno mamoja: "Pumzi zake fupi, mtazame mapafu." Kijana mmoja wa mpira, mchukuzi wa mizigo hapa gatini, mwenye kilo 60, aliletwa na kocha wake kwa maneno hayo hayo. Mwaka uliotangulia alikimbia mita 2,600 kwa dakika 12. Safari hii, kwenye mchanga ule ule mgumu wa Shela maji yakiwa yamekupwa, alifika 2,050 akaketi chini.

Kipimo hicho cha dakika 12 hukadiria VO2max, yaani oksijeni nyingi kabisa ambayo mwili unaweza kuitumia kwa dakika. Mita 2,600 ni kama mililita 47 kwa kila kilo ya mwili. Mita 2,050 ni kama 35. Ni makadirio tu, na mchanga humpunguzia mtu mwendo, kwa hiyo namlinganisha na nafsi yake na si na mwingine.

Kocha alikuwa tayari amembana kipimo cha oksijeni cha kidoleni: asilimia 98. "Dokta, oksijeni imejaa, basi nini?" Hapo ndipo wengi hupotea. Fikiria punda wanaopandisha mchanga kutoka pwani. Mchanga unaofika kwa fundi hutegemea safari za punda, ukubwa wa mashogi, na kiasi kinachoshushwa kabla punda hajarudi. Kipimo cha kidoleni husema kila shogi limejaa. Hakisemi kuna mashogi mangapi.

Adolf Fick aliliweka jambo hili katika hesabu mwaka 1870:

```
VO2 = Q × (CaO2 − CvO2)
```

Q ni damu inayosukumwa na moyo kwa dakika. CaO2 ni oksijeni iliyomo katika lita ya damu inayokwenda, na CvO2 ni ile inayorudi bila kutumika.

Kijana alipokuwa mzima, tuseme moyo wake ulipiga mara 195 kwa dakika, kila pigo mililita 95: lita 18.5. Hemoglobini yake, ambayo ndiyo mashogi ya oksijeni ndani ya damu, ilikuwa gramu 14.5 kwa desilita. Kila gramu hubeba mililita 1.34 za oksijeni, kwa hiyo lita moja ya damu ilibeba kama mililita 190. Misuli ikichukua 150 na kurudisha 40, unapata lita 2.8 kwa dakika, sawa na 46 kwa kilo. Hesabu na mchanga wa Shela zinakubaliana.

Maabara ikampa hemoglobini 10.5. Sasa lita ya damu inabeba 138 tu, ingawa mashogi yamejaa asilimia 98. Misuli ikijikamua irudishe 28 peke yake, inapata 110. Zidisha kwa 18.5: lita 2, yaani 34 kwa kilo.

Kwa nini moyo au misuli isifidie? Akipumzika hufidia, tena kwa urahisi, maana mwili uliotulia hutumia kama robo tu ya oksijeni inayopita. Ndiyo maana barazani alikuwa hana dalili. Lakini mbio zikifika kileleni, moyo umeshafika mwisho wa mapigo yake na misuli imeshachukua karibu asilimia 80. Iliyobaki haichukuliki yote: sehemu ya damu inapita kwenye ubongo, ngozi na figo, na oksijeni inahitaji msukumo ili itoke kwenye kapilari, mishipa midogo kabisa ya damu, kuingia mitokondria, sehemu za seli zinazoitumia. Msukumo ukishuka mno, haivuki.

Mtu anaweza kulitambua jambo hili kabla ya maabara. Katika mbio za polepole, mwendo ule ule wa kila siku, mapigo yake yalikuwa 145. Sasa yalikuwa 168. Moyo uliongeza safari kwa sababu mashogi yamepungua. Mwanamichezo aliyelegea kwa kuacha mazoezi naye mapigo yake hupanda, kwa hiyo dalili hii pekee haitoshi. Lakini huyu hakuwa ameacha hata wiki moja.

Mama yake ndiye aliyetaja jina mapema kuliko sisi: "Mwanangu ana safura." Choo kilipopimwa kilikuwa na mayai ya minyoo ya safura. Huingia kupitia ngozi ya miguu, na yeye huenda peku kwenye udongo wenye unyevu shambani. Hunyonya damu matumboni kidogo kidogo mpaka akiba ya chuma inakwisha.

Daktari alimpa dawa ya minyoo na vidonge vya chuma. Nilimzuia kocha asimkimbize mbio za kasi kwa wiki hizo. Mazoezi hukuza pigo la moyo, lakini hemoglobini haijengeki pasipo chuma. Baada ya wiki 10 hemoglobini ilikuwa 13.8. Kwenye mchanga ule ule alikwenda mita 2,450, na katika mwendo wake wa polepole mapigo yalikuwa 149.