Kifaransa cha Paris, Kifaransa cha Bujumbura: jinsi ya kuisoma karatasi ya haki

Kazi yangu ni kuuza haki za tafsiri. Wachapishaji wadogo wa huku kwetu wananikabidhi vitabu vilivyokwisha kutoka kwa Kiswahili, nami nawatafutia wachapishaji wa nje watakaovitoa kwa lugha zao. Tukikutana kwa mara ya kwanza, wengi huniuliza, "Tumuuzie nani?" Mimi nawauliza kwanza tuna nini cha kuuza, na jibu lazima lienee kwenye ukurasa mmoja. Ukurasa huo ndio karatasi ya haki.

Hapa hatuuzi nakala, wala hatuuzi hakimiliki. Tunauza ruhusa ya kukitoa kitabu kwa lugha fulani, katika nchi fulani, kwa muda fulani. Ni kama kupangisha chumba: mpangaji anakaa na kulipa kodi, nyumba inabaki yako.

Nusu ya juu ya karatasi haina shida. Pana jalada, jina la kitabu, mwandishi, mwaka kilipotoka, kurasa, bei, nakala zilizouzwa, na tuzo kama ipo. Muhtasari ndio unaowapiga chenga wengi, kwa sababu wananakili maneno ya nyuma ya jalada yanayomwacha msomaji njia panda. Mhariri wa nje hasomi Kiswahili, na anataka kujua hadithi inaishia wapi kabla hajalipia msomaji wa kumtathminia. Mwambie nani anakufa. Urefu nao usiutaje kwa maneno peke yake. Neno moja la Kiswahili hubeba mengi, kwa hiyo riwaya ya maneno 60,000 hutoka kwa Kifaransa ikiwa na maneno mengi zaidi. Wafaransa wenyewe huhesabu herufi pamoja na nafasi, basi wape hesabu hiyo, maana ndiyo wanayopigia gharama ya mfasiri.

Mnunuzi mzoefu hashughuliki sana na huko juu. Anashuka chini, kwenye mistari mitatu: nani anamiliki haki, zipi zimeuzwa, zipi zipo.

Nichukue riwaya ya mwalimu mmoja mstaafu wa Ujiji, inayohusu wavuvi wa dagaa na mgebuka wanaovuka ziwa usiku. Kabla ya kuandika chochote niliomba mkataba wake na mchapishaji. Mikataba mingi ya huku inataja "kuchapisha na kuuza kitabu" na kuishia hapo. Kama haki za tafsiri hazikutajwa, zinabaki kwa mwandishi, na mchapishaji hana cha kuuza hata kama ndiye aliyegharamia uchapaji. Kwa mwalimu zilitajwa: fedha za tafsiri zinagawanywa nusu kwa nusu. Mchoro wa jalada haukuwamo, kwa sababu mchoraji alilipwa kwa toleo la Kiswahili tu. Nikaandika kwenye karatasi kwamba jalada halimo katika haki zinazouzwa. Usipoandika hivyo, mnunuzi atadhani limo.

Mchapishaji mmoja wa Paris aliomba faili la kitabu, pamoja na sampuli ya kurasa kama 15 iliyotafsiriwa, akarudi na ofa: Kifaransa, dunia nzima, miaka saba, mrabaha wa asilimia 7 ya bei ya kitabu kabla ya kodi, nakala 2,000 za mwanzo, malipo ya awali yuro 1,500.

Tupige hesabu. Bei dukani ni yuro 18. Ufaransa kodi ya ongezeko la thamani kwa vitabu ni asilimia 5.5, kwa hiyo kabla ya kodi ni kama yuro 17.06. Asilimia 7 yake ni yuro 1.19 kwa nakala. Malipo ya awali hayarudishwi hata kitabu kikidoda, ila ni mrabaha uliotangulizwa. Mpaka nakala kama 1,260 ziuzike, hakuna senti nyingine inayoingia. Kwa nakala 2,000 zote mrabaha ni kama yuro 2,390, ambazo mwalimu na mchapishaji wake wanagawana baada ya kodi ya zuio, kama ipo, na kamisheni yangu. Kwa kitabu cha kwanza kutoka lugha isiyosomwa sana huko, ofa hiyo si mbaya.

Maneno yaliyonisumbua ni "dunia nzima". Ukiwa Kigoma, Kifaransa si cha mbali. Kiko ng'ambo ya ziwa: Kalemie, Uvira, Bujumbura. Wavuvi wa kitabu hiki wanatia nanga huko. Ukiuza dunia nzima, toleo pekee la Kifaransa litakaloruhusiwa Bujumbura ni lile la yuro 18, kama mtu atajisumbua kulisafirisha. Mwalimu alipoiona ofa akaniuliza, "Sasa mwanangu, hawa jirani zetu watakisoma lini?"

Nikajibu Paris kwa kukata eneo: dunia nzima isipokuwa Burundi, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Hofu yao niliijua. Hawaogopi kupoteza soko la Bujumbura, ambalo kwao ni dogo. Wanaogopa toleo la bei nafuu lisirudi Brussels na Paris likauzwa ubavuni mwa la kwao. Tiba yake ni kifungu kinachomlazimisha mchapishaji wa ng'ambo kuandika kwenye jalada la nyuma kwamba nakala ni za kuuzwa katika nchi hizo tatu tu. Wakakubali.

Wengi wangeishia hapo, na wangekuwa wamebaki na ardhi isiyo na mbegu. Ukizibakiza nchi tatu, umebakiza haki ya kutoa Kifaransa humo, lakini maandishi ya Kifaransa yenyewe huna. Tafsiri ni kazi yenye hakimiliki yake. Ni ya mfasiri, naye humkabidhi mchapishaji aliyemlipa, yaani wa Paris. Mchapishaji wa Bujumbura atakayechukua haki kutoka kwako atalazimika kulipia tafsiri upya, na hapo ndipo atakapokuaga. Kwa hiyo niliomba kifungu cha pili: Paris waruhusu tafsiri yao itumike katika nchi hizo tatu kwa ada iliyotajwa humo humo, na wahakikishe mkataba wao na mfasiri unawapa uwezo huo. Hili liombe kabla ya kusaini. Baada ya kusaini utaombwa usubiri, kisha barua pepe zinakuwa kimya. Kwa kifungu hicho walipunguza malipo ya awali hadi yuro 1,300. Mwalimu aliridhia bila kusita. Mchapishaji wake alinung'unika kidogo, nami namwelewa.

Baada ya saini karatasi huandikwa upya. Mstari wa zilizouzwa sasa unasomeka: "Kifaransa, dunia nzima isipokuwa Burundi, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo." Mstari wa zilizopo: "Kifaransa kwa nchi hizo tatu, tafsiri ipo, lugha nyingine zote." Maneno hayo mawili, "tafsiri ipo", ndiyo ninayomwonyesha kwanza mchapishaji wa Bujumbura. Huyo hana malipo ya awali ya maana. Anataka kuanza na nakala 500 na kulipa mrabaha kila mwisho wa mwaka. Kwake nabana zaidi taarifa ya mauzo kuliko asilimia.

Karatasi za nje hazina tarehe moja ambayo mimi naiweka kwenye nakala yangu ya ofisini. Mkataba unawapa Paris miezi 18 kukitoa kitabu, na wasipokitoa haki zinarejea bila malipo ya awali kurudishwa. Haki hizo hazijirejeshi zenyewe. Siku hiyo ikifika lazima mtu aandike barua ya kuzidai, na ndipo mstari wa Kifaransa uhamishiwe tena kwenye zilizopo.